Taarifa, akidi, wakala na maazimio katika mkutano mkuu wa kampuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanafuata sheria za makampuni zenye asili ya Uingereza: Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya 2006 na jamaa zake, zikiwemo ya Tanzania ya 2002 na ya Kenya ya 2015. Zinafanana mifupa, ila si kila kiungo. Penye idadi ya siku au asilimia, soma pia sheria ya nchi ambako kampuni imesajiliwa na katiba ya kampuni yenyewe.

Mfano mmoja unarudi katika ukurasa mzima. Kampuni ina hisa 10,000 mikononi mwa wanahisa 12, na kila hisa ina kura moja. Bodi inataka kufuta kifungu cha katiba kinachomlazimu mwanahisa anayeuza hisa awape kwanza wenzake. Mwanahisa mmoja mwenye hisa 1,500 hataki kusikia habari hiyo. Mkutano umepangwa Ijumaa tarehe 28 Agosti, saa nne asubuhi.

## Aina mbili za maazimio

1. Azimio la kawaida na azimio maalumu vina tofauti gani?

Azimio la kawaida hupita likipata zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Kura zikigawana sawasawa, azimio limeanguka, kwa sababu nusu kamili si zaidi ya nusu. Baadhi ya katiba za zamani humpa mwenyekiti kura ya ziada ya kuvunja sare, lakini usidhani anayo mpaka uione imeandikwa, na hata ikiwa imeandikwa hakikisha sheria yenu bado inairuhusu.

Azimio maalumu linahitaji angalau robo tatu ya kura zilizopigwa, yaani asilimia 75. Hapa asilimia 75 kamili inatosha. Pia lina sharti la pili ambalo watu hulisahau: taarifa ya mkutano lazima iwe imesema wazi kwamba azimio hilo litaletwa kama azimio maalumu, na iwe imebeba maneno yake. Azimio lililopata asilimia 90 bila taarifa ya namna hiyo si azimio maalumu.

2. Mambo gani yanahitaji azimio maalumu?

Yale yanayogusa misingi ya kampuni: kubadili katiba, kupunguza mtaji wa hisa, kuwanyima wanahisa waliopo haki ya kupewa kwanza hisa mpya, kuifunga kampuni kwa hiari ya wanahisa, na mara nyingi kubadili jina. Kuchagua wakurugenzi, kuteua wakaguzi wa hesabu na kuidhinisha gawio ni kazi ya azimio la kawaida. Kumwondoa mkurugenzi nako kunatumia azimio la kawaida, jambo linalowashangaza wengi. Tazama Swali la 15.

Katiba inaweza kudai kura nyingi zaidi kwa jambo ambalo sheria imeliachia azimio la kawaida. Haiwezi kushusha kiwango pale sheria ilipodai azimio maalumu.

3. Asilimia 75 ya nini hasa? Ya hisa zote?

Ni ya kura zilizopigwa. Hisa za wasiohudhuria hazimo, wala za waliohudhuria wakajizuia kupiga kura. Kura zilizoharibika nazo hazihesabiwi upande wowote.

Ipo njia rahisi ya kupima bila kikokotoo: kila kura moja ya hapana inahitaji kura tatu za ndiyo. Wapinzani wakiwa na kura 2,000, mnahitaji 6,000. Kwa hiyo kabla ya mkutano swali la maana ni kura ngapi za hapana zitafika ukumbini au kwa wakala, kisha uzizidishe mara tatu. Katika mfano wetu, mwenye hisa 1,500 peke yake anawalazimisha wengine watafute 4,500. Akipata mwenzake mwenye hisa 600, kiasi kinapanda hadi 6,300.

## Taarifa ya mkutano

4. Taarifa iwe na mambo gani?

Tarehe, saa, mahali, na shughuli zitakazofanyika. Shughuli zielezwe kiasi kwamba mwanahisa akisoma ataweza kuamua kama inafaa ahudhurie au akae nyumbani. Katika kesi ya Baillie dhidi ya Oriental Telephone ya 1915, taarifa iliwaomba wanahisa wabariki malipo ya wakurugenzi bila kuwaambia malipo yenyewe yalikuwa makubwa kiasi gani, na mahakama ikakataa kuyatambua maazimio yaliyopitishwa.

Kwa azimio maalumu, weka maneno yote ya azimio na utaje kwamba ni maalumu. “Kujadili mabadiliko ya katiba” haitoshi. Andika hivi: “Kupitisha, kama azimio maalumu, kwamba kifungu cha 24 cha katiba ya kampuni kifutwe.” Mwisho, taarifa imkumbushe mwanahisa mahali panapoonekana kwamba ana haki ya kumteua wakala, na kwamba wakala si lazima awe mwanahisa. Kuficha sentensi hiyo kwenye herufi ndogo za chini ni kosa.

5. Siku 21 zinahesabiwaje?

Kwanza jua kama ni 21 au 14. Kenya ni 21 kwa mkutano mkuu wowote. Tanzania ni 21 kwa mkutano mkuu wa mwaka na kwa mkutano wenye azimio maalumu, na 14 kwa mingine. Uingereza ni 14 kwa kawaida, na 21 kwa mkutano wa mwaka wa kampuni ya umma. Katiba inaweza kurefusha.

Halafu zihesabu kama siku kamili: siku taarifa inapopokewa haimo, na siku ya mkutano haimo. Hapa ndipo mikutano mingi huharibikia.

Tuchukue mfano wetu. Mkutano ni Ijumaa tarehe 28 Agosti, basi siku ya 21 ni tarehe 27. Ukirudi nyuma, siku ya kwanza inaangukia tarehe 7. Kwa hiyo taarifa lazima iwe imepokewa kisheria kufikia Alhamisi tarehe 6. Tuseme katiba inasema barua huhesabiwa imefika siku mbili baada ya kutumwa. Mwisho wa kuituma ni Jumanne tarehe 4. Katibu akiituma Jumatano tarehe 5, itahesabiwa imefika tarehe 7, na siku kamili zitakuwa 20. Upungufu huo wa siku moja unatosha kuubatilisha mkutano, hata kama ukumbi ulijaa na hakuna aliyelalamika siku hiyo.

Dawa yake ni kutuma siku mbili tatu kabla ya mwisho, na kuweka kwenye faili ushahidi wa siku ya kutuma: stakabadhi ya posta, au nakala ya barua pepe yenye tarehe. Barua pepe nayo inafaa pale tu sheria au katiba inapoiruhusu na mwanahisa amekubali kuipokea kwa njia hiyo.

6. Tumemsahau mwanahisa mmoja. Mkutano umebatilika?

Inategemea kwa nini alisahaulika. Sheria na katiba nyingi husamehe kosa la bahati mbaya: bahasha ilinasa kwenye nyingine, au mashine ilirukia jina. Mkutano unabaki halali.

Lakini kumwacha mtu kwa makusudi kwa sababu mliamini hana haki si bahati mbaya, hata kama imani hiyo ilikuwa ya kweli moyoni. Katika kesi ya Musselwhite ya 1962, wanahisa waliokuwa wameuza hisa zao lakini bado hawajalipwa zote, na majina yao yalikuwa bado kwenye daftari, hawakupelekewa taarifa kwa sababu wakurugenzi waliwaona si wanahisa tena. Mkutano ukabatilishwa. Kanuni ya kufanyia kazi ni fupi: mpe taarifa kila aliyemo kwenye daftari la wanahisa, hata yule mnayegombana naye. Hasa huyo. Wapeni pia wakurugenzi na wakaguzi wa hesabu.

7. Muda umetubana. Tunaweza kufupisha taarifa?

Mnaweza, iwapo wanahisa wenyewe wanakubali. Sheria huweka vipimo viwili vinavyotakiwa kutimia kwa pamoja: wanaokubali wawe wengi kwa vichwa, na wawe wanashika kati ya asilimia 90 na 95 ya hisa zenye kura, kutegemea sheria na aina ya kampuni.

Katika mfano wetu, tukichukua asilimia 90, wanahitajika watu 7 kati ya 12 wenye hisa 9,000 kwa jumla. Mwenye 1,500 akikataa, wengine wote 11 wakikubali wana 8,500 tu. Njia imefungwa. Ridhaa hiyo ichukuliwe kwa maandishi yenye saini. Kunyamaza si kukubali.

## Akidi

8. Akidi ni watu wangapi, na nani anahesabiwa?

Akidi ni idadi ya chini ya wahudhuriaji ambayo bila hiyo mkutano hauwezi kufanya kazi. Katiba isiposema kitu, kwa kawaida ni wawili. Kampuni yenye mwanahisa mmoja inatosheka na huyo mmoja.

Soma maneno ya katiba kwa makini. “Wanahisa watatu waliohudhuria wenyewe” si sawa na “wanahisa watatu waliohudhuria wenyewe au kwa wakala”. Katika maneno ya kwanza, wakala hasaidii akidi. Angalia pia kama katiba inahesabu vichwa peke yake au inadai na kiasi fulani cha hisa. Mkurugenzi asiye na hisa, katibu, mwanasheria na mkaguzi hawamo kwenye hesabu, ingawa mara nyingi ndio wanaojaza viti vya mbele.

9. Mwanahisa mmoja akija na fomu za wakala za wenzake watano, akidi imetimia?

Kwa kawaida hapana. Mkutano ni kukutana, na mtu hakutani na nafsi yake. Katika kesi ya Sharp dhidi ya Dawes ya 1876, ukumbini alikuwepo mwanahisa mmoja tu pamoja na katibu. Akajiweka kwenye kiti cha mwenyekiti, akapitisha azimio la kuwadai wanahisa malipo ya hisa zao, kisha akapitisha na kura ya kumshukuru mwenyekiti. Mahakama ilisema hapakuwa na mkutano.

Sheria ya Uingereza ya 2006 imeongeza kwamba watu wawili ambao wote ni mawakala wa mwanahisa mmoja hawatoshi kuwa akidi ya wawili.

10. Akidi ikikosekana, au watu wakiondoka katikati, tufanye nini?

Katiba nyingi husema subirini nusu saa. Baada ya hapo mkutano unaahirishwa, mara nyingi hadi siku ileile ya wiki inayofuata, saa ileile, mahali palepale. Katiba za mtindo wa zamani huongeza kwamba katika mkutano huo wa pili waliohudhuria ndio akidi, hata wakiwa wachache. Za kisasa nyingi haziongezi hivyo, na hapo mnaweza kuahirisha mara tatu bila kupata kitu. Mkutano ulioitishwa kwa shinikizo la wanahisa wenyewe mara nyingi hauahirishwi, unavunjika.

Kuhusu wanaoondoka, jibu liko kwenye neno moja la katiba. Ikiwa katiba inataka akidi iwepo “wakati mkutano unapoanza shughuli”, mahakama katika kesi ya Hartley Baird ya 1955 iliona kwamba inatosha kuwepo mwanzoni, na mpinzani hawezi kuua mkutano kwa kunyanyuka na kutoka. Ikiwa inataka akidi iwepo “wakati kura inapopigwa” au “muda wote”, hesabu vichwa tena kabla ya kila azimio. Katibu aandike kwenye kumbukumbu saa mtu alipoingia na alipotoka. Na akibaki mtu mmoja, rudi Swali la 9.

## Wakala

11. Nani anaweza kuwa wakala, na fomu iandikweje?

Mtu yeyote mzima anayeaminiwa na mwanahisa: ndugu, mwanasheria, mwanahisa mwenzake, au mwenyekiti wa mkutano. Fomu itaje jina la mwanahisa, jina la wakala, mkutano wenyewe na tarehe yake, idadi ya hisa, na iwe na saini. Kwa kila azimio weka nafasi tatu: ndiyo, hapana, na kujizuia. Kisha eleza nini kitatokea mwanahisa asipoweka alama yoyote. Kwa kawaida wakala anapiga kura kwa busara yake. Sentensi hiyo ikikosekana, ugomvi huanzia hapo.

Kampuni ikituma kwa gharama yake fomu zilizokwisha kuandikwa jina la mwenyekiti kama wakala, izitume kwa wanahisa wote, si kwa wanaoiunga mkono bodi tu. Kampuni iliyo mwanahisa katika kampuni nyingine inaweza pia kumtuma mwakilishi kwa azimio la bodi yake. Huyo si wakala, na masharti ya Swali la 12 hayamgusi.

12. Fomu ifike lini?

Katiba inaweza kudai ifike mapema, lakini sheria huweka kikomo cha saa 48 kabla ya mkutano. Kifungu kinachodai zaidi ya hapo hakina nguvu.

Kwa mkutano wetu wa Ijumaa saa nne asubuhi, mwisho ni Jumatano tarehe 26 saa nne asubuhi. Mkutano ukiwa Jumatatu, mambo yanabadilika. Ukihesabu saa 48 tupu unaangukia Jumamosi, ofisi imefungwa. Sheria ya Uingereza inaruhusu siku zisizo za kazi zirukwe, na hapo mwisho unakuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Andika siku na saa yenyewe kwenye fomu. Usimwachie mwanahisa hesabu.

Fomu iliyochelewa hata dakika kumi isipokewe, awe ni rafiki au adui wa bodi. Ukiipokea moja, umekosa sababu ya kukataa nyingine.

13. Mwanahisa ametuma wakala, kisha amekuja mwenyewe. Nani apige kura?

Mwanahisa. Akipiga kura yeye, ya wakala kwa hisa hizo haihesabiwi. Wahakiki wa kura wawe na orodha ya fomu zilizopokewa ili wasihesabu hisa zilezile mara mbili, kosa linalotokea zaidi pale karatasi za kura zinapogawiwa mlangoni bila kuangalia daftari. Akiketi tu bila kupiga kura, wakala anaendelea, isipokuwa uteuzi umefutwa kwa maandishi yaliyofika kwa wakati.

## Siku ya kura

14. Kunyoosha mikono kumetupa jibu moja, kura za hisa zimetupa jingine. Lipi ni sahihi?

La kura za hisa, mradi zimedaiwa kihalali. Mikono huhesabu watu: mwenye hisa 10 na mwenye hisa 1,000 wana mkono mmoja kila mmoja. Kura za hisa huhesabu hisa.

Turudi kwenye mfano. Wamefika wanahisa 7 wenye hisa 6,400. Wengine 3, wenye hisa 2,000, wamemteua mwenyekiti kuwa wakala. Wawili wenye 1,600 hawakuja wala hawakutuma mtu. Katiba ya kampuni hii haimpi wakala mkono.

Mikono ikanyooshwa: ndiyo 5, hapana 1, mmoja akajizuia. Kura zilizopigwa ni 6, na 5 kati ya 6 ni asilimia 83. Mwenyekiti akatangaza azimio maalumu limepita.

Mwenye hisa 1,500 akadai kura za hisa. Ana haki hiyo: sheria haziruhusu katiba kuwanyima wanahisa 5, au wenye asilimia 10 ya kura, na yeye ana asilimia 15. Matokeo yakawa haya:

| | Waliofika | Kwa wakala | Jumla |
|---|---|---|---|
| Ndiyo | 4,600 | 1,100 | 5,700 |
| Hapana | 1,500 | 600 | 2,100 |
| Waliojizuia | 300 | 300 | 600 |

Kura zilizopigwa ni 5,700 na 2,100, yaani 7,800. Robo tatu yake ni 5,850. Zimepungua kura 150. Asilimia ni 73 na ushee. Azimio limeanguka. Lingekuwa la kawaida, lingepita kwa urahisi. Ukipima kwa njia ya Swali la 3 unafika palepale: hapana 2,100 mara tatu ni 6,300, na kura 5,700 hazifiki.

Angalia waliojizuia. Mmoja wao tu mwenye hisa 300 angesema ndiyo, zingekuwa 6,000 kati ya 8,100, asilimia 74, bado. Wote wawili wakisema ndiyo, ni 6,300 kati ya 8,400, asilimia 75 kamili, na limepita. Ndiyo maana wanaohesabu kura kabla ya mkutano hupiga simu kwa wasio na msimamo.

Kama asingedai kura za hisa, tangazo la mwenyekiti kuhusu mikono lingesimama, na kulipinga baadaye ni kazi ngumu. Lakini mwenyekiti hakupaswa kusubiri adaiwe. Alikuwa na fomu za wakala mkononi na kabla hata ya kikao kuanza alijua kwamba kwa hisa picha ni tofauti. Mwenyekiti anayejua hivyo anapaswa kuitisha kura za hisa mwenyewe, na kuzipiga kura za wakala kama alivyoagizwa, zikiwemo zile 600 zinazompinga.

15. Azimio maalumu na taarifa maalumu ni kitu kimoja?

Hapana, na mchanganyiko huu umewaponza wengi. Azimio maalumu ni kiwango cha kura. Taarifa maalumu ni onyo ambalo anayetaka kuleta jambo fulani huipa kampuni, kwa kawaida siku 28 kabla ya mkutano. Kisha kampuni huwajulisha wanahisa. Inahitajika hasa kumwondoa mkurugenzi kabla ya muda wake, ambako kura ni ya azimio la kawaida. Mkurugenzi huyo ana haki ya kupata nakala, kujitetea kwa maandishi yanayosambazwa, na kusikilizwa ukumbini.

Kabla ya kuanza, soma katiba. Katika kesi ya Bushell dhidi ya Faith ya 1970, kampuni ilikuwa na ndugu watatu, kila mmoja hisa 100. Wawili walitaka kumwondoa wa tatu kwenye ukurugenzi. Katiba ilisema mkurugenzi anayetaka kuondolewa atakuwa na kura tatu kwa kila hisa. Akapata 300 dhidi ya 200 zao, akabaki. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo ilikikubali kifungu hicho.

## Kesi za pembeni

16. Tunaweza kurekebisha azimio maalumu mkutanoni?

Kubadili maana yake, hapana. Kosa la herufi au la sarufi linarekebishika, zaidi ya hapo ni hatari. Kesi inayofundisha vizuri ni ya Moorgate Mercantile Holdings ya 1980. Taarifa ilisema akaunti ya ziada ya bei ya hisa ya pauni 1,356,900.48 ingefutwa yote. Baadaye ikagundulika kwamba pauni 321.17 hazikupaswa kufutwa, na mkutano ukapitisha azimio la kupunguza akaunti hadi kiasi hicho. Tofauti ilikuwa chembe tu ya kiasi chote, na hakuna mwanahisa aliyeumia. Jaji hata hivyo alikataa kuuthibitisha upunguzaji huo, kwa sababu azimio lililopitishwa halikuwa lile lililotangazwa.

Azimio la kawaida lina nafasi zaidi. Mkutano unaweza kulirekebisha mradi lisitoke nje ya mipaka ya taarifa. Taarifa ikisema gawio litaidhinishwa kwa kiasi kilichopendekezwa, kulipunguza kunawezekana. Kuingiza suala jipya la kuuza mali ya kampuni hakuwezekani.

17. Wenye hisa chache wanakataa kuja ili akidi isitimie milele. Tufanyeje?

Ombeni mahakama iitishe mkutano. Katika kesi ya El Sombrero ya 1958, mwombaji alikuwa na asilimia 90 ya hisa, na wakurugenzi wawili asilimia 5 kila mmoja. Akidi ilikuwa watu wawili, nao wakawa hawahudhurii kwa sababu walijua mkutano ukifanyika wataondolewa. Mahakama iliamuru mkutano ufanyike na mwanahisa mmoja ahesabiwe kuwa akidi. Akidi haikuwekwa ili kuwapa wachache kura ya turufu.

Njia hii ni ngumu zaidi pale wawili wana nusu kwa nusu, kwani hapo kumpa mmoja mkutano ni kumpa ushindi ambao makubaliano yao hayakumpa.

18. Azimio maalumu likishapita, linaanza kazi lini?

Mabadiliko ya katiba huanza azimio linapopita, isipokuwa lenyewe limetaja siku nyingine. Jina jipya halianzi mpaka Msajili wa Makampuni atoe cheti. Kwa vyovyote, nakala ya azimio maalumu ipelekwe kwa Msajili. Uingereza ni ndani ya siku 15. Kuchelewa huleta faini kwa kampuni na maofisa wake, ila kwa kawaida hakuliui azimio.

Faili la mkutano libaki na taarifa pamoja na ushahidi wa kutumwa, orodha ya mahudhurio, fomu zote za wakala pamoja na zilizokataliwa na sababu zake, karatasi za kura, na kumbukumbu zilizotiwa saini na mwenyekiti. Fomu zilizokataliwa ndizo mara nyingi hutupwa, na ndizo wakili wa upande wa pili huziulizia kwanza.